Mvua haina harufu, ni udongo unaonukia

Kuna swali dogo la lugha ambalo wanafunzi wangu wa uzamili hubishania kila kiangazi kinapokatika. Matone ya kwanza yanapopiga ardhi iliyokauka kwa miezi, hewa hujaa harufu ambayo sote twaijua tangu utotoni. Je, tuseme mvua inanuka, mvua inanukia, au udongo unanukia? Mmoja atasema "harufu ya mvua" kwa sababu ndivyo watu wasemavyo. Mwingine atamsahihisha: ni "harufu ya vumbi". Wa tatu, ambaye hajali, atasema yote ni sawa bora tumeelewana.

Si sawa. Na leo, mpenzi msomaji, ningependa kukuonyesha kwamba anayeitaja mvua na anayeutaja udongo wanadai mambo mawili tofauti kuhusu ulimwengu, na kwamba mkulima akiamini dai lisilo sahihi anaweza kupoteza mbegu zake.

Tuanze na kitenzi. Kiswahili kimetubariki kwa jozi ambayo lugha nyingi hazina. Kunuka ni kutoa harufu mbaya: samaki aliyeoza ananuka, soksi zinanuka. Kunukia ni kutoa harufu nzuri: asmini inanukia, wali wa nazi unanukia. Siku hizi, hasa huku bara, watu wengi husema "inanuka" kwa yote mawili, na mgeni aliyepikiwa pilau akiambia mwenyeji wake wa Lamu kwamba chakula kinanuka, asishangae akitazamwa kwa jicho baya. Kwa harufu tunayoizungumzia, basi, kitenzi ni kunukia. Hilo ni rahisi. Kazi iko kwenye kiima: nani, au nini, kinachonukia?

Fanya jaribio ambalo halihitaji maabara. Mvua inaponyesha, kinga maji yake kwenye bilauri safi iliyo wazi juani, mbali na paa la mabati, kisha uyanuse. Hutapata kitu. Sasa subiri kiangazi, chukua udongo mkavu wa shambani, umwagie kijiko kimoja cha maji ya mfereji. Harufu itapanda mara moja. Maji ya mvua hayakuwepo, ila "harufu ya mvua" ipo. Maana yake ni kwamba mvua haileti harufu. Mvua huikuta harufu imeshaandaliwa ardhini, ikaifungulia mlango.

Walioanza kuichunguza ipasavyo walikuwa wakemia wawili wa shirika la utafiti wa kisayansi la serikali ya Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas. Mwaka 1964 walichapisha makala katika jarida la Nature wakieleza walivyochukua mawe na udongo uliokaa kwenye joto na ukavu, wakaupitishia mvuke, na kupata mafuta kidogo ya rangi ya manjano. Mafuta hayo yalibeba ile harufu. Hitimisho lao lilikuwa kwamba mawe na udongo hufanya kazi kama sifongo. Wakati wa ukavu hufyonza kutoka hewani chembechembe zenye asili ya mimea na viumbe wengine, na kadiri ukavu unavyorefuka ndivyo akiba inavyoongezeka. Unyevu unapofika, maji huingia kwenye vitundu vidogo vya jiwe au udongo na kuyasukuma mafuta nje.

Bear na Thomas waliyapa mafuta hayo jina waliloliunda kutokana na Kigiriki, petrikori. Petra ni jiwe, na ikori ni kiowevu ambacho Wagiriki wa kale waliamini kilitiririka katika mishipa ya miungu badala ya damu. Ni jina zuri, lakini tuangalie limesema nini: ni kiowevu cha jiwe. Mvua haimo ndani yake.

Wakemia hao wenyewe walitambua kwamba walikuwa wamechelewa. Katika mji wa Kannauj, jimbo la Uttar Pradesh nchini India, watengenezaji wa manukato walikuwa wameshaikamata harufu hii na kuiuza. Huchukua udongo wa mfinyanzi, wakautengeneza vipande, wakavikausha na kuvichoma. Kisha huvitia na maji ndani ya chungu cha shaba, wakawasha moto chini yake, na mvuke hupita kwenye bomba la mwanzi hadi kwenye chombo kingine chenye mafuta ya msandali. Msandali hushika harufu, maji humwagwa. Kazi hufanywa zaidi katika miezi ya joto kali kabla ya mvua za pepo za msimu kuanza, na zao lake ni mafuta yanayonukia ardhi iliyonyeshewa. Wao huyaita atari ya udongo. Neno hilo atari ni la ukoo mmoja na uturi wetu wa Kiswahili, kwani yote mawili yametoka kwenye Kiarabu. Kwa hiyo mwanamwali wa pwani ajipakaye uturi na mfanyabiashara wa Kannauj wanatumia neno moja lililopanda jahazi mbili tofauti.

Lakini mafuta ya manjano hayakuwa habari yote. Harufu hii ina sehemu mbili, na ya pili ndiyo inayoipa ule uudongo wake, ile ladha ya shamba lililolimwa. Mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya Bear na Thomas, watafiti Nancy Gerber na Hubert Lechevalier wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, waliitenga kemikali moja inayotolewa na bakteria wa udongoni, wakaiita jiosmini. Hili nalo ni la Kigiriki, na maana yake ni harufu ya ardhi.

Bakteria wenyewe huitwa streptomisesi. Usiwadharau kwa udogo wao. Ni kutokana na jamaa hii ya bakteria, na katika chuo hichohicho, ndipo dawa ya streptomaisini ilipopatikana katika miaka ya 1940, dawa ya kwanza ya antibiotiki iliyofaa kutibu kifua kikuu. Streptomisesi huishi katika udongo wa karibu kila mahali. Wakati kuna unyevu na chakula hukua kama nyuzinyuzi nyembamba, mfano wa kuvu. Mambo yanapokuwa magumu, chakula kikipungua na udongo ukikauka, huacha kukua na kutengeneza vijimbegu vigumu vinavyoweza kungoja hadi hali iwe njema. Jiosmini huambatana na kipindi hicho cha kutengeneza vijimbegu. Shamba lililokauka limejaa vijimbegu vinavyongoja, na kila kimoja kiko katikati ya harufu yake.

Kiasi cha jiosmini kilichomo ni kidogo mno, ila pua ya binadamu kwa kemikali hii ni kali kupita kiasi. Ikiwa ndani ya maji, watu wengi huitambua ikifika nanogramu 10 hivi katika lita moja, na wenye pua nyepesi huigundua hata chini ya hapo. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu, kipimo ambacho akili haikishiki. Hebu tukifasiri kwa lugha ya mtaani. Chukua gramu moja ya jiosmini, yaani kama robo ya kijiko cha chai cha sukari. Sasa leta malori ya kuuza maji, yale ya lita 10,000. Ili kuipunguza gramu hiyo hadi kiwango ambacho pua bado inakitambua, utahitaji malori 10,000. Ukiyapanga barabarani moja nyuma ya jingine, foleni yake itatoka Nairobi ipite Naivasha.

Na hapa kitenzi chetu kinarudi kututatiza. Jiosmini hiyohiyo haitoki kwenye udongo peke yake. Baadhi ya viumbe wadogo wanaoota kwenye maji yaliyotuama huitengeneza pia. Ndiyo maana maji ya bwawa yakiletwa mferejini msimu fulani huwa na ladha ya tope hata baada ya kutiwa dawa, maana klorini huua vijidudu lakini haiiondoi harufu hii vizuri. Ndiyo maana pia ngege aliyefugwa kwenye kidimbwi huweza kuwa na ladha ya matope, kwani jiosmini huingia mwilini mwake na kukaa kwenye mafuta ya nyama. Wafugaji wanaoelewa huwahamisha samaki kwenye maji safi yanayotiririka kwa siku kadhaa kabla ya kuwauza. Wapishi nao wana ndimu na siki. Asidi huigeuza jiosmini kuwa kemikali nyingine isiyo na harufu, kwa hiyo bibi anayemkamulia samaki ndimu na kumwacha kwa muda kabla ya kumkaanga anafanya kemia halisi, aijue asiijue. Kemikali ni moja. Ikitoka shambani twasema inanukia, ikitoka kwa samaki twasema ananuka. Jozi yetu ya vitenzi, basi, humweleza anayenusa kuliko inavyoeleza kinachonuswa.

Sasa tuje kwenye mlango wenyewe. Mafuta na jiosmini vimelala ndani ya udongo. Vinafikaje puani mwa mtu aliyesimama barazani?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa la jumla tu, kwamba maji husukuma na hewa hubeba. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Youngsoo Joung na Cullen Buie, waliamua kutazama. Waliweka kamera za kasi kubwa, wakaangusha matone kwenye nyuso 28 za aina tofauti, zikiwamo sampuli 16 za udongo, katika majaribio yapatayo 600. Walichokiona ni hiki. Tone linapogonga udongo mkavu hujibapa kama chapati. Udongo ukiwa na vitundu vilivyojaa hewa, tone huvifunika na kuinasa hewa hiyo chini yake. Hewa haina pa kwenda isipokuwa juu. Hupanda ndani ya tone kama mapovu ndani ya soda iliyofunguliwa, ikafika kwenye ngozi ya tone na kupasuka. Kila povu likipasuka hurusha angani vitone vidogo visivyoonekana kwa jicho, na vitone hivyo hubeba kilichokuwa udongoni: mafuta, jiosmini, hata bakteria wenyewe wakiwa hai. Upepo hufanya kazi iliyobaki.

Matokeo yao yanaeleza mambo matatu ambayo kila mtu aliyelelewa kijijini ameyaona bila kupewa sababu.

La kwanza, kwa nini rasharasha hunukia kuliko mvua kubwa. Watafiti waligundua kwamba vitone vingi hurushwa mvua ikiwa nyepesi au ya wastani. Tone la mvua ya gharika hugonga kwa kasi mno hata mapovu hayapati nafasi ya kujiunda. Manyunyu ndiyo mafundi wa kazi hii.

La pili, kwa nini harufu haidumu. Udongo ukishalowa, vitundu vyake vimejaa maji, hewa ya kunaswa haipo tena, na mapovu hayapo. Mvua ya siku ya pili hupiga ardhi ileile bila kunukia, au hunukia kidogo sana. Si kwamba pua imezoea tu, mashine yenyewe imesimama. Akiba ya mafuta nayo imepungua, na itahitaji ukavu mwingine ili ijazwe upya.

La tatu, kwa nini wakati mwingine twaisikia harufu kabla ya kuona tone. Mawingu ya mvua ya radi yanaponyesha mahali fulani, hewa baridi huporomoka pamoja na mvua na kutawanyika mbele kwa kasi juu ya ardhi. Ule upepo wa ghafla unaopeperusha nguo kwenye kamba ndio huo. Unakuja umebeba harufu ya shamba la jirani ambalo tayari limenyeshewa. Unyevu wa hewa unapopanda nao huanza kuyatoa mafuta kwenye udongo hata pasipo tone. Radi zikiwepo, huenda ukapata pia ukali kidogo puani, kama wa mashine ya umeme inayofanya kazi. Hiyo ni ozoni, hewa inayotengenezwa na radi ikipasua oksijeni, na haihusiani na udongo kabisa.

Msomaji mdadisi atauliza, bakteria wanafaidika nini? Kutengeneza kemikali kuna gharama, na kiumbe asiye na akiba hafanyi anasa. Jibu lilipatikana mwaka 2020, watafiti wa Uswidi na Uingereza walipochapisha matokeo kuhusu vijidudu fulani vya udongoni visivyo na mabawa, vidogo kuliko kichwa cha kiberiti, ambavyo hujirusha kwa kufyatua kijimkia kilichokunjwa chini ya tumbo. Ukifunua majani yaliyooza bustanini utaviona vikirukaruka. Vijidudu hivi huvutwa na jiosmini. Huifuata harufu hadi kwa streptomisesi, wakawala, na vijimbegu vya bakteria hunata kwenye miili yao au hupita tumboni bila kufa, vikapandwa mahali pengine kupitia kinyesi. Ni biashara ileile ya mpera na ndege: njoo ule, ubebe mbegu zangu. Harufu tunayoipenda ilikuwa tangazo la kumwita mdudu. Sisi tuliisikia tu kwa kupita njia.

Haya yote yanatufikisha kwenye lile nililoahidi, la mkulima na mbegu zake. Wazee wengi huichukulia harufu hii kuwa ujumbe. Ni ujumbe kweli, ila tukumbuke umeandikwa na nani na lini. Mafuta yalikusanyika wakati wa ukavu. Vijimbegu viliundwa udongo ulipokuwa ukikauka. Mapovu yanahitaji udongo usio na maji na matone yasiyo na nguvu. Kwa hiyo harufu inaponukia sana, inakwambia mambo mawili kwa uhakika: kiangazi kimekuwa kirefu, na mvua inayonyesha sasa hivi ni ndogo. Kuhusu mvua ya wiki ijayo haisemi lolote. Ni taarifa ya kiangazi kilichopita, wala si ahadi ya mvua ijayo.

Tuchukue mfano wa shamba la Ukambani, tuseme sehemu kavu za Kitui, ambako wakulima hutegemea sana mvua za vuli zianzazo karibu na mwisho wa Oktoba. Jioni moja yanyesha kidogo, milimita 6. Ardhi yote yanukia, watoto wanacheza nje, na kesho yake kila mtu anatafuta mbegu. Milimita 6 ni lita 6 za maji kwa kila mita moja ya mraba. Udongo mkavu wa tifutifu huweza kushika maji kiasi cha thuluthi moja au moja ya tano ya ujazo wake kabla ya kuyaachilia yashuke chini. Tukichukua moja ya tano, milimita 6 zimelowesha sentimita 3 tu za juu. Mahindi hupandwa kwenye kina cha sentimita 5 hivi. Mbegu imelala chini ya maji hayo, kwenye vumbi, au imeguswa na unyevu wa kuiamsha tu. Kesho yake jua linawaka, na jua la Oktoba katika nyanda hizo huweza kukausha milimita 5 au zaidi kwa siku. Kufikia kesho kutwa jioni, lita zile 6 zimerudi angani. Mbegu iliyoamshwa imetoa kijimzizi na haina cha kunywa. Mbegu ambayo haijaamka hungoja, lakini iliyoamka haiwezi kulala tena.

Wanaopanda kabla ya mvua, desturi ya kawaida huko, wako katika hatari hiyohiyo: mbegu yao imo ardhini tayari, na adui yao mkubwa kuliko ukavu ni mvua nusu. Kigezo kimoja kinachotumiwa sana na wataalamu wa kilimo na hali ya hewa katika nchi kavu ni kwamba msimu umeanza iwapo zimenyesha milimita 20 ndani ya siku moja hadi tatu, na zisifuatwe na ukavu mrefu. Kwa hesabu yetu ya juu, milimita 20 hulowesha sentimita 10, na hapo mbegu ina maji juu yake na chini yake. Asiye na kipimo cha mvua ana jembe. Achimbe kina cha kiganja, achukue udongo wa chini, aufinye. Ukishikamana, maji yamefika. Ukiporomoka vumbi, alichokisikia jana kilikuwa harufu tu.

Kinachopendeza ni kwamba mafuta yenyewe huenda yanalifahamu jambo hili kutuliko. Mwaka 1965 Bear na Thomas walirudi na makala ya pili. Walikuwa wamejaribu mafuta yao kwenye mbegu, na wakaona kwamba yanachelewesha kuota na kudumaza mche mchanga. Ufafanuzi mmoja ni kwamba katika nchi kavu kizuizi hicho kina faida: mvua ya kwanza isiyo na nguvu huyafungua mafuta bila kuyaosha, na mbegu za porini huendelea kulala, ilhali mvua ya kweli huyafagia na kuzipa ruhusa. Majaribio yao yalikuwa ya maabara, na shamba lina mambo mengi zaidi ya mafuta hayo, kwa hiyo nisingemshauri mtu aishi kwa kutegemea ufafanuzi huo. Lakini tazama ulivyo kinyume cha desturi yetu. Harufu ambayo huenda inaiambia mbegu ya mwitu "ngoja" ndiyo ileile inayotufanya tukimbilie ghala.

Ndiyo sababu silichukulii swali la wanafunzi wangu kuwa la mzaha. "Harufu ya mvua" inakifanya kinachoonekana mwishoni kuwa chanzo, na kumpa msikilizaji tumaini ambalo harufu yenyewe haikulitoa. Wanaosema "harufu ya vumbi" wako karibu zaidi na ukweli, ijapokuwa vumbi kavu likitimuliwa na gari halinukii hivyo, linahitaji maji. Petrikori twaweza kuliazima, na katika vitabu vya sayansi litafaa pamoja na jiosmini, maana kila moja lina kazi yake: la kwanza ni la mafuta, la pili ni la kemikali ya bakteria. Kwa mazungumzo ya kila siku mimi napendekeza mnukio wa udongo. Kitenzi chetu kizuri kimo ndani yake, na mwenye harufu ametajwa kwa jina lake.

Mazoea ya watu hayabadilishwi na safu ya gazeti, na atakayeendelea kusema "nasikia harufu ya mvua" nitamwelewa. Ila akiwa na mbegu mkononi, nitamwomba achimbe kwanza.